Wale wazee wa Thebe katika Mfalme Edipode: wanaimba kwa niaba ya nani?

#1 Binti_Jukwaa
Wakuu, habari za jioni. Naongoza kikundi cha maigizo cha watu tisa, na mwezi ujao tunaonyesha Mfalme Edipode, tamthilia ya Kigiriki cha kale ya Sofokile, kwa tafsiri ya Samuel Mushi. Kwa kuwa tuko wachache, nilikata nyimbo zote za korasi, yaani wale wazee wa Thebe. Nikamwachia mzee mmoja tu anayejibizana na wahusika.

Jumamosi tulifanya mazoezi mbele ya wazazi na majirani. Kuna mahali Malkia Yokasta anamwambia mumewe Edipode asibabaishwe na utabiri: Laio, mume wake wa kwanza, alitabiriwa kuuawa na mwanawe, na mwana huyo alitupwa mlimani akiwa mchanga. Wanaingia ndani. Kisha Yokasta anatoka tena na mashada na ubani kwenda kumwomba Apolo, mungu yuleyule mwenye utabiri. Watu wakacheka. Mama mmoja akauliza kwa sauti, "Si ndiye huyu aliyekuwa anasema ni uongo?"

Nilipofungua kitabu nikaona kati ya kuingia na kutoka kwake palikuwa na wimbo mrefu, ambao mimi nimeukata. Naomba mnisaidie kwa dhati: wale wazee wana kazi gani hasa? Wanasema mawazo ya mwandishi, ya watazamaji, au ya kwao wenyewe?

#2 Fundi_Taa
Dada, jibu ni jepesi. Waigizaji wa Sofokile walikuwa watatu tu kwa mchezo mzima. Waligawana wahusika wote, kwa hiyo walihitaji muda wa kuvua barakoa na kuvaa nyingine. Wimbo ulikuwa wa kuziba pengo. Wewe una watu tisa, kata bila wasiwasi, ila weka ngoma kidogo au zima taa sekunde kumi ili watu wajue muda umepita. Kicheko kitaisha.

#3 Mama_Sauti_Nne
Nimefurahi kuona mada ya kwaya humu. Nimefundisha kwaya miaka kumi na minane. Kwa watu tisa nakushauri sauti tatu, usilazimishe besi kama huna mwanaume mwenye sauti nzito. Na wafundishe kupumua pamoja kabla hujawafundisha maneno. Wimbo wenyewe uko ufunguo gani?

#4 Binti_Jukwaa
Mama, shikamoo. Ahsante sana, ila hii si kwaya ya kanisani. Ni kundi lililo ndani ya hadithi, wanacheza kama wazee wa mji. Noti za Sofokile hazikutufikia, tuna maneno tu. Ila hilo la kupumua pamoja nimelichukua.

Fundi_Taa, nimekuelewa, lakini kama ni kuziba pengo, mbona maneno ni mazito kiasi kile?

#5 Mwl_Kigoda
Fundi_Taa hajakosea kuhusu waigizaji watatu, na muda wa kubadili barakoa ulihitajika kweli. Lakini hiyo ni faida ya wimbo tu. Tazameni kilichoimbwa mahali pale pale palipokatwa.

Yokasta ametoka kusema utabiri si kitu. Wazee wanabaki peke yao uwanjani. Hawamtaji malkia kwa jina, wala mfalme. Wanaanza kwa kujiombea wao: wajaliwe usafi katika kila neno na tendo, chini ya sheria zilizozaliwa juu mbinguni, zisizolala wala kuzeeka. Halafu wanamgeukia mwenye kiburi, anayepanda hadi kileleni kisha anaporomoka pahali ambapo mguu haumsaidii. Wanaomba mwenye kutenda hivyo apatwe na baya. Kisha linakuja swali, mstari wa 896 kwa hesabu ya Kigiriki: kama matendo ya namna hii yanapewa heshima, mimi nicheze ngoma kwa nini?

Baada ya hapo wanasema hawatakwenda tena kwenye mahali patakatifu pa utabiri, Delfi, kwenye kitovu cha dunia, wala Abai, wala Olimpia, kama utabiri huu hautatimia mbele ya macho ya watu wote. Wanamwita Zeu, mungu mkuu, aone: maneno ya kale juu ya Laio yanafutika, Apolo hana heshima tena, mambo ya Mungu yanapotea.

Ukimaliza hilo ndipo Yokasta anatoka na ubani. Hakuna wa kumcheka hapo. Hofu ya mji mzima imekwisha kusemwa, na mtazamaji anamwona mwanamke ambaye hofu hiyo imemfikia hata yeye. Wimbo umeandaa macho ya watu kumpokea. Dada, ulikata daraja, ndiyo maana watu walimwona Yokasta amerukia ng'ambo.

#6 Kinyozi_wa_Hoja
Mwalimu, naheshimu, ila mimi nawaona wale wazee kama watu wa pembeni. Wanaogopa, wanaomba, wanalia, na hakuna wanalolibadilisha. Ukiwatoa, Edipode atajigundua vilevile kwamba ndiye yule mtoto aliyetupwa, aliyemuua baba yake Laio na kumwoa mama yake. Kuna Mjerumani mmoja, Schlegel, aliyesema mwanzoni mwa karne ya 19 kwamba korasi ni mtazamaji bora, yaani sisi wenyewe tumewekwa pale mbele. Kwa hiyo ni kioo chetu, si wahusika.

#7 Nuru_wa_Pwani
Kinyozi, wembe wako leo butu. Rudi kwenye ugomvi wa Edipode na Kreoni. Edipode anamtuhumu shemeji yake kutaka kumpindua na anataka afe. Yokasta anaingilia, na wazee wanamsihi mfalme kwa kuimba: kubali, tafadhali. Edipode anawaambia wazi kwamba wakiomba hilo wanaomba yeye auawe au afukuzwe nchini. Wanaapa kwa Jua kwamba sivyo. Basi anamwachia Kreoni, na anasema ni maneno yao yaliyomlainisha, si ya Kreoni.

Bila wale wazee huenda Kreoni angekufa katikati ya mchezo, na mwishoni asingekuwapo wa kushika mji na kumletea Edipode mabinti zake. Hao ndio watu wa pembeni?

#8 Kinyozi_wa_Hoja
Nimelisoma tena. Nakubali, la Kreoni lilinipita. Neno "hakuna" nalifuta. Lakini bado ni mara moja tu.

#9 Mwl_Kigoda
Aristotle, aliyeandika miaka mia hivi baada ya mchezo huu, yuko upande wa Nuru: alisema korasi ihesabiwe kama mmoja wa waigizaji, iwe sehemu ya kitu kizima, na akamtaja Sofokile kuwa mfano mzuri. Kwa hiyo una maoni mawili yanayovutana. Korasi ni mhusika mwenye mambo yake, au korasi ni sisi.

Mimi naelemea kwa Aristotle. Wazee hawa wana maslahi. Edipode aliwaokoa dhidi ya Sfinksi, zimwi lililoutesa mji, wana deni kwake. Tiresia, mwonaji kipofu, anapomwambia mfalme "muuaji ni wewe", wazee wanaimba kwamba hawawezi kukubali wala kukana, hawajui waseme nini. Wanasema Zeu na Apolo wanajua, lakini kwamba mwonaji binadamu anajua kuliko wao, hilo halina ushahidi. Hawatamhukumu aliyewaokoa mpaka waone neno limethibitika. Watazamaji Athene walishajua hadithi, walijua Tiresia amesema kweli. Sasa korasi itakuwaje kioo chao?

#10 Mke_wa_Mvuvi
Mimi si msomi wa maigizo, ila posti #9 imenigusa. Baba yangu alikuwa mmoja wa wazee wa kitongoji chetu kando ya ziwa. Mwaka mmoja ulizuka ugonjwa wa kuharisha, watu wakafa, na kisima kilichoshukiwa kilikuwa cha mtu aliyetusaidia sana wakati wa njaa. Wazee walikaa kwenye baraza yetu usiku. Nilikuwa binti mdogo, naleta uji. Hakuna aliyetaja jina. Walikuwa wanasema "maji", "Mungu atuepushe", "tungoje bwana afya". Mmoja akasema, "Yule alitulisha." Kimya. Walijua, au nusu walijua, lakini deni liliwafunga mdomo. Kisima kilifungwa siku nne baadaye, na siku nne zile zina majina ya watu.

Niliposoma hapo kwamba hawawezi kukubali wala kukana, nilimwona baba.

#11 Binti_Jukwaa
Mama, pole sana, na ahsante. Nitawasomea waigizaji wangu hii ukiniruhusu. Wamekuwa wakisema mistari ile kama watu wasiojua kitu. Kumbe ni watu wanaoogopa kujua.

#12 Mke_wa_Mvuvi
Wasomee tu, mwanangu.

#13 Mtu_wa_Historia
Hapo kwenye ugonjwa ndipo penyewe. Wazee wanaingia wakiimba juu ya tauni: mazao hayaoti, wanawake wanapata uchungu bila kuzaa mtoto hai, maiti zimelala bila wa kuzililia, roho zinaruka moja baada ya nyingine kama ndege kuelekea machweo. Tauni ilipiga Athene mwaka 430 kabla ya Kristo. Mchezo ukaonyeshwa 429. Watu waliokaa pale walikuwa wametoka kuzika. Korasi inasema msiba wao, basi, swali limekwisha.

#14 Mwl_Kigoda
Taratibu, ndugu yangu. Tauni ya 430 ni kweli, mwanahistoria Thukidide aliiandika naye mwenyewe aliugua. Lakini mwaka wa mchezo haukuandikwa popote. Hiyo 429 ni makisio ya wataalamu, na sababu yao kubwa ni tauni yenyewe iliyomo mchezoni. Huwezi kuutumia mwaka kuthibitisha tauni na tauni kuthibitisha mwaka. Tena tauni ya kuadhibu mji ni jambo la zamani katika hadithi zao, shairi la Homeri juu ya vita vya Troya linaanza na tauni ya Apolo.

#15 Mtu_wa_Historia
Sawa, mwaka nauacha. Lakini hata kama ni 425 au baadaye kidogo, watu wale wamepitia. Mtu aliyezika hasikii wimbo ule kama hadithi.

Na kuna sababu ya kuuweka Thebe. Zamani kidogo mshairi Friniko aliwaonyesha Waathene kuanguka kwa Mileto, mji uliotekwa na Waajemi mwaka 494 kabla ya Kristo, mji wa ndugu zao. Mwanahistoria Herodoto anasema ukumbi mzima ulilia, na Friniko akatozwa faini ya drakma 1,000 kwa kuwakumbusha maafa ya kwao, na mchezo ukapigwa marufuku. Ndiyo maana naona hofu ya Athene ilibidi isemwe na wazee wa mji mwingine.

#16 Nuru_wa_Pwani
Hilo la Friniko sikulijua, shukrani.

Ila mimi nimekwama kwenye swali la Mwalimu: watazamaji walijua mwisho, wazee hawakujua. Angalia wimbo wa tatu, mfupi kuliko zote. Mjumbe wa Korintho ameeleza kwamba Edipode aliokotwa mlima Kithairon, miguu imetobolewa. Yokasta ameshaelewa. Anamsihi mumewe aache kuuliza, anashindwa, anakimbilia ndani. Kiongozi wa wazee anasema: naogopa, kimya hiki kitapasuka na kutoa ubaya. Sahihi kabisa! Kisha Edipode anasema yeye ni mtoto wa Bahati, haoni aibu ya kuzaliwa kwake. Na wazee walewale wanaanza kuimba kwa furaha! Wanausifu Kithairon, wanauliza mfalme wao labda ni mtoto wa mungu, wa Pani, au wa Apolo, au wa Herme, au Dioniso alimpokea kutoka kwa binti wa mlimani.

Sekunde chache nyuma waliogopa. Sasa wanacheza. Mtazamaji anayejua ukweli anatokwa jasho. Hapo wanasema wasiwasi wa nani?

#17 Ustadh_Manju
Assalamu alaykum. Jibu la Nuru liko kwenye ngoma zetu. Manju akitupa neno, waitikiaji wanalipokea hata kama hawalikubali, kwa sababu ngoma haitakiwi kuanguka. Edipode kasema "mimi mtoto wa Bahati", nao wameitikia. Mwili uliozoea kuitikia unaitikia.

#18 Nuru_wa_Pwani
Wa alaykum salaam. Shehe, kwako kila kitu ngoma. Siku moja utatuambia hata mwezi unaitikia.

#19 Ustadh_Manju
Ngoja hapo. Mwalimu katafsiri "nicheze ngoma kwa nini". Kigiriki kinasema kucheza kweli, au ni namna ya kusema "niabudu kwa nini"?

#20 Mwl_Kigoda
Ni kucheza kweli, na neno lenyewe limetoka kwenye shina moja na "korasi". Waimbaji wale 15 hawakuwa wa kukodiwa kutoka mbali. Walikuwa raia wa Athene, na gharama za mafunzo na mavazi zilibebwa na tajiri mmoja aliyepangiwa na mji. Walicheza kwenye tamasha la Dioniso, chini ya mwamba wa Akropoli, na baba zao na majirani zao wamekaa pale kwenye mteremko.

Sasa mpige picha. Mtu amevaa barakoa ya mzee wa Thebe, miguu yake iko katikati ya hatua, anasema: kama waovu wanaheshimiwa, nacheza kwa nini? Aliyekaa pale anasikia mzee wa Thebe, na anamwona kijana wa mtaani kwao amecheza kwa ajili ya mungu mchana huohuo. Swali linatoka kwenye hadithi linamfikia kwenye kiti chake. Hapo, Kinyozi, nakupa haki yako: kwa mstari mmoja korasi ni sisi kabisa.

#21 Ustadh_Manju
Basi nimetosheka. Anayeuliza hivyo huku anacheza, huyo hajaacha kuamini. Aliyeacha kuamini hukaa chini.

#22 Kinyozi_wa_Hoja
Shehe, hapo sikubali. Mtu anaweza kuendelea kucheza kwa mazoea tu, wewe mwenyewe umesema #17 kwamba mwili uliozoea unaitikia. Huwezi kuwa na zote mbili.

Na juu ya wimbo wa furaha, mimi nadhani ni ufundi wa Sofokile wa kunyanyua watu kabla ya kuwaangusha. Kwenye Ayasi, mchezo wake mwingine, korasi wanaimba kwa furaha wakidhani bwana wao kapona wazimu, kumbe anakwenda kujiua. Kwenye mchezo wa Antigoni wanamwita Dioniso aje na ngoma, na punde mjumbe anafika na habari za vifo. Ni mtindo wake. Usitafute saikolojia ya wazee.

#23 Mke_wa_Mvuvi
Kinyozi baba, mtindo unafanya kazi kwa sababu watu ndivyo walivyo. Bwana afya alipochelewa siku ya tatu, pale barazani mtu alisema huenda ni embe tu, watoto wamekula embe mbichi. Mngewaona watu walivyocheka! Walicheka kupita kiasi. Nakumbuka baba alipiga goti kwa mkono. Usiku ule tulisikia kilio nyumba ya tatu.

#24 Fundi_Taa
Nimekaa kimya nasoma. Nabaki na langu la kubadili barakoa, lakini sekunde kumi za giza nazifuta. Giza lisingeweza kusema hilo la embe.

Swali langu la kiufundi: hao wazee wanaondoka uwanjani lini? Mimi nikipanga taa nataka kujua.

#25 Nuru_wa_Pwani
Hawaondoki. Wakishaingia wako pale hadi mwisho. Edipode anaingia na kutoka, Yokasta, Kreoni, wajumbe, wote. Wazee wamesikia kila neno lililosemwa pale tangu mfalme alipomlaani muuaji wa Laio. Waangazie muda wote, hata kidogo.

#26 Binti_Jukwaa
Mrejesho, wakuu. Jana tumejaribu upya. Nimewapata wazee wanne: mzee mmoja wa kweli wa miaka 67, na vijana watatu. Hatukuimba wimbo wa pili, tuliusema, tukianza kwa kupumua pamoja kama alivyosema Mama_Sauti_Nne. Walikuwa wanazunguka polepole kwa hatua moja ya ngoma. Walipofika "nicheze kwa nini" niliwaambia mguu ubaki juu, usitue. Wakasimama hivyo. Kisha wakaendelea na Delfi na Abai na Olimpia bila kucheza tena.

Yokasta akatoka na ubani. Hakuna aliyecheka. Mama yule wa Jumamosi alikuwepo tena, safari hii nilimwona amejishika shavu.

Wimbo wa tatu ndio umetushinda. Yule mzee anataka kuimba kwa furaha kamili, anasema wazee wameamini. Vijana wanataka kuimba huku wanatazamana kwa hofu. Tumejaribu yote mawili na kikundi kimegawanyika.

#27 Mwl_Kigoda
Mfuate mzee. Ukiwaonyesha wanaogopa, mtazamaji anapumzika kwa sababu kuna wa kuogopa badala yake. Wakifurahi kweli, hofu yote inabaki kwake.

#28 Nuru_wa_Pwani
Mimi nawafuata vijana. Kiongozi wao ametoka kusema anaogopa kile kimya cha Yokasta. Neno hilo haliwezi kuyeyuka kwa pumzi moja. Angalau mmoja wao aimbe bila kutabasamu.

#29 Mama_Sauti_Nne
Nimefurahi kupumua kumesaidia. Wimbo wa furaha uimbwe haraka kidogo kuliko watu wanavyoweza kustarehe nao. Kwaya ikiwa na wasiwasi hukimbia yenyewe, mwalimu huwezi kuizuia. Msikilizaji hatajua kwa nini moyo unamwenda mbio.

#30 Binti_Jukwaa
Mama, hilo tunalijaribu Alhamisi. Swali la mwisho: mistari ya kufunga, wazee wanaposema tusimwite mtu mwenye heri kabla hajavuka mwisho wa maisha bila maumivu. Yule mzee ameipenda sana, amekariri tayari. Niiache au niikate?

#31 Mwl_Kigoda
Kuna wataalamu wanaoamini mistari ile haikuandikwa na Sofokile, iliongezwa baadaye. Kigiriki chake kina makunyanzi, na wapo wa zamani waliosema anayeisema ni Edipode mwenyewe. Wengine wanaitetea. Mimi ningekata, nikawaacha wazee wamesimama wanamtazama Edipode akiingizwa ndani.

#32 Binti_Jukwaa
Mwalimu, nimeshakata mara moja nikajuta. Safari hii namwachia mzee aiseme.